Majani ya Majimbi Yanapokereketa Koo: Kutafuta Chanzo na Kuyapika Yakaiva

Malalamiko huja kwa namna moja karibu kila mara. Mboga imepakuliwa, tui limekolea, harufu ni nzuri, na kabla ya tonge la tatu mtu mmoja mezani anaanza kukohoakohoa na kusema kwamba koo linamkereketa. Mpishi huonja tena, naye huhisi kama vijimwiba vidogo vinamchoma ncha ya ulimi na pembe za midomo. Wengi hapo husingizia pilipili, au husema mboga ilikuwa na dawa ya shambani, na sufuria nzima humwagwa bila chanzo kujulikana. Maelezo yafuatayo yanamfuata mpishi wa hapa Mombasa hatua kwa hatua, kuanzia dalili hadi sababu, na yanahusu majani zaidi kuliko viazi vyake, ingawa kiazi cha jimbi kisichoiva huwasha kwa sababu ile ile.

Kwanza, je, ni jani lenyewe linalowasha?

Saa ndiyo shahidi wa kwanza. Mwasho wa majimbi hauchelewi: huanza ndani ya sekunde chache au dakika chache tangu jani liguse kinywa, hukaa kwenye midomo, ulimi, kaakaa na koo, na mlaji huuelezea kama kuchomwa au kukwaruzwa kuliko kuungua. Pilipili nayo huwaka mara moja, lakini huleta joto na jasho, na haiachi ile hali ya koo kukwaruza kila mtu amezapo mate. Tumbo likianza kusokota saa nne au tano baada ya chakula, ilhali kinywa hakikusumbua wakati wa kula, tafuta sababu nyingine, kwa mfano tui lililochacha au mboga iliyolala nje ya friji.

Dalili zinazotoka nje ya kinywa zinastahili kutazamwa kwa jicho tofauti. Mtu akitokwa na vipele mwilini, akivimba macho au akianza kupumua kwa kukoroma baada ya kula, huenda ni mzio wa chakula, na mzio hautibiwi kwa kurudisha sufuria jikoni. Mtu huyo apelekwe hospitali bila kungoja.

Kitu kingine kinachosaidia kutambua ni idadi ya waliopatwa. Jani lisiloiva humwasha karibu kila aliyekula, kila mmoja kwa kiwango chake. Watu saba wakila na mmoja tu akalalamika, huenda yeye ndiye aliyepata kipande cha mshipa mnene ambacho hakikuiva kama vingine. Nalo ni kosa la upishi, lakini ni kosa dogo zaidi.

Kinachotokea ndani ya kinywa

Ndani ya jani la jimbi mna chembehai maalumu zilizojaa fuwele za oksaleti ya kalsiamu. Fuwele hizo ni nyembamba mno, zina ncha kali pande zote mbili, nazo hupangwa pamoja kama sindano zilizofungwa mafungu. Jani linapotafunwa, chembehai hupasuka na sindano zikatoka zikadunga ngozi laini ya kinywa. Mmea haukujiwekea silaha hii kwa ajili yetu hasa, bali kwa kila kiumbe anayekula majani.

Lakini sindano peke yake si habari yote, na hapa ndipo maelezo mengi ya mitaani yanapokosea. Mtu husikia kwamba kupika huyeyusha oksaleti, kisha hushangaa kusoma kwingine kwamba oksaleti ya kalsiamu haiyeyuki katika maji yanayochemka. Kauli hii ya pili ndiyo ya kweli: sindano zilizomo kwenye mboga iliyoiva vizuri bado zimo, na mtu akizitafuta kwa darubini ataziona. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa kimezipaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba sindano za mimea ya jamii hii zikiondolewa protini iliyoshikamana nazo hupoteza ukali wake mwingi. Protini hiyo hufanya kazi kama kimeng'enya kinachomega protini nyingine, kwa hiyo sindano hufungua tundu na kimeng'enya hupenya kikaendeleza uchokozi. Kimeng'enya, tofauti na fuwele, huharibiwa na joto, mradi joto hilo limfikie kila chembe ya jani na likae vya kutosha.

Kuna pia oksaleti ya namna ya pili, ile inayoyeyuka majini. Hiyo haidungi, ila huingia damuni na kufika kwenye figo, nayo hupungua tu ikiwa maji ya kuchemshia yamemwagwa. Kwa hiyo mpishi ana kazi mbili zisizofanana: joto la muda mrefu kwa ajili ya mwasho, na maji mengi yanayomwagwa kwa ajili ya figo. Anayechanganya kazi hizi mbili hujikuta amemwaga maji mara tatu na bado mboga inakereketa, kwa kuwa kila mara aliyamwaga baada ya dakika tano.

Dalili: mboga ilipikwa nusu saa na bado inawasha

Nitaieleza hali hii kwa kisa cha wifi yangu wa Likoni, kwa sababu ndani yake mna makosa matatu yanayokutana mara nyingi. Alinunua Kongowea mafungu mawili ya majani, jumla yake majani kumi na mawili ya ukubwa wa wastani. Aliyakatakata, akayatia kwenye sufuria pamoja na kitunguu, nyanya tatu na maji kidogo, akabandika juu ya jiko la makaa, na baada ya nusu saa akatia tui. Mwanawe wa miaka tisa ndiye aliyelia wa kwanza. "Nimeyapika nusu saa nzima, wifi," aliniambia kwa simu, "na mchicha hauchukui hata robo yake."

Kosa la kwanza lilikuwa katika kuhesabu. Nusu saa yake ilianzia pale sufuria ilipobandikwa, na kwa makaa yaliyokuwa bado yanashika moto, maji yalianza kuchemka baada ya dakika kumi au zaidi. Makaa nayo yana tabia ya kujifunika majivu; yasipopepewa wala kuongezwa, sufuria hutulia ikawa inatoa mvuke bila kutokota. Kwa hakika majani yale yalitokota labda dakika kumi na tano. Muda wa majimbi uhesabiwe tangu maji yanapochemka baada ya majani kutiwa, na kila yanapoacha kuchemka saa isimamishwe.

Kosa la pili lilikuwa nyanya. Vitu vichachu, yaani nyanya, ndimu, ukwaju na maembe mabichi, hufanya kuta za chembehai za mboga zisilainike haraka. Ndiyo maana maharagwe yaliyotiwa nyanya mapema hukaa magumu mchana kutwa. Jani lililobaki gumu hupasukia mdomoni badala ya kupasukia chunguni. Wapo wanaosema kwamba ukwaju huondoa mwasho, na katika mapishi kadhaa ya Kihindi hutiwa kwa nia hiyo, lakini asidi ya ukwaju haina nguvu ya kuyeyusha fuwele za oksaleti ya kalsiamu. Ukwaju utiwe kwa ladha, mwishoni, baada ya jani kuthibitika kuwa limeiva.

Kosa la tatu lilikuwa uchache wa maji. Majani yaliyorundikana juu ya maji kidogo hupata mvuke tu upande wa juu, na mpishi asipoyageuza yale ya chini huiva na ya juu yakabaki nusu mabichi. Hapo ndipo hupatikana ile sufuria ya ajabu ambamo kijiko kimoja ni salama na kinachofuata kinachoma.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda tena sokoni, tukachukua mafungu mawili yanayofanana, tukayachanganya na kuyagawa katika sufuria mbili. Ya kwanza tuliipika kama alivyopika yeye, ila kwa moto usiolegea. Ya pili tuliitia lita tatu za maji matupu yaliyokwisha kuchemka, bila nyanya, bila chumvi. Tulionja kila baada ya dakika ishirini, kipande kidogo kama ukucha, tukakitafuna kwa meno ya mbele na kukitema. Katika dakika ya ishirini zote mbili ziliwasha bila shaka yoyote. Katika dakika ya arobaini ile ya maji matupu ilikuwa na mchomo mdogo uliokuja baada ya kutema, na ile ya nyanya ilikuwa bado inachoma ulimi. Katika dakika ya sitini ya maji matupu haikuwa na kitu. Ya nyanya ilitaka dakika themanini, na tulikuwa tumeiongeza maji mara mbili. Hilo lilikuwa jaribio la jikoni, kwa majani ya siku moja, lisichukuliwe kuwa kipimo cha kila mahali. Hata hivyo wifi yangu hajatia nyanya mapema tangu siku hiyo.

Dalili: yamechemka saa nzima, sawasawa, na mwasho haujaisha

Hali hii ni nadra zaidi, na kabla ya kuongeza moto inafaa kutazama mambo matatu.

La kwanza ni maji. Nyumba nyingi za Mombasa hutumia maji ya kisima au ya kuchimbwa, na visima vya kisiwani vimechimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa. Maji hayo ni magumu: sabuni haitoi povu, birika hujenga ukoko mweupe. Kalsiamu iliyomo hushikamana na kuta za chembehai na kuzikaza, kwa hiyo mboga na maharagwe huchelewa kulainika. Mtu aliyezoea kupika majimbi kwa dakika arobaini na tano kwa maji ya mvua anaweza kuhitaji saa na robo kwa maji ya kisima. Dawa rahisi ni kuchemshia maji ya mvua au ya mfereji yasiyo na chumvi. Baadhi ya wapishi hutia magadi kidogo, kiasi cha ncha ya kijiko cha chai kwa lita tatu, na ni kweli kwamba magadi hulainisha jani upesi. Yakizidi, hata hivyo, mboga huteleza, huwa na ladha ya sabuni na hupoteza vitamini. Magadi hayaondoi haja ya kuonja, kwa sababu jani laini si lazima liwe jani lililotulia.

La pili ni mishipa na vikonyo. Kikonyo, yaani shina linaloshika jani, na mshipa mnene wa katikati huchelewa sana kuiva kuliko ubapa wa jani. Kama vimekatwa pamoja na jani kwa vipande vinene, sufuria huwa na vyakula viwili vyenye muda tofauti. Vikonyo vinalika, lakini vimenywe utando wake wa nje, vikatwe vipande vifupi na vipikwe peke yake.

La tatu, na hili ndilo la kuchukuliwa kwa uzito kuliko yote, ni kwamba huenda jani si la jimbi la kula. Jimbi la asili, lililotoka Asia, lina jani lenye umbo la moyo ambalo kikonyo chake hakishiki ukingoni bali huingia chini ya jani, mbali kidogo na ule mpasuko. Tone la maji likidondoshwa juu yake hujiviringisha kama lulu likaanguka. Jimbi geni, lililoletwa kutoka Amerika ya joto, lina jani linalofanana zaidi na kichwa cha mshale, na kikonyo chake hushika pale pale mpasuko unapoishia. Yote mawili huliwa. Lakini katika bustani za hoteli na vibaraza vya nyumba za mjini hupandwa mimea ya urembo ya jamii hiyo hiyo: yenye majani makubwa yanayoelekeza ncha juu mbinguni badala ya kuinamisha, yenye mabaka meupe, au yenye rangi nyekundu na waridi katikati. Mimea hiyo isijaribiwe hata kwa kuchemshwa siku nzima. Mtu aliyechuma mwenyewe kando ya mtaro, na ambaye hakuona kiazi wala hakumuuliza aliyepanda, amwage na asione hasara.

Kuhusu umri wa jani, wengi huamini kwamba changa haliwashi. Changa huiva upesi kwa kuwa ni laini, na kwa sababu hiyo ni rahisi kulipika vizuri. Lakini oksaleti imo pia, na kuna vipimo vilivyoonyesha kwamba jani changa lina nyingi kuliko lililokomaa. Kwa hiyo uchanga si ruhusa ya kupunguza muda hadi dakika kumi.

Dalili: patra inawasha katikati, pembeni haina neno

Jamii ya Wagujarati wa Mombasa hupaka majani haya rojo la unga wa dengu lenye ukwaju na sukari guru, huyapanga moja juu ya jingine, huyaviringisha, huyapika kwa mvuke, kisha huyakata na kuyakaanga. Hiyo ndiyo patra. Ni chakula kitamu mno, na wapishi wake wazoefu huchagua majani membamba ya aina wanayoijua. Anayekiiga kwa majani yoyote ya sokoni hukutana na tatizo lake la pekee: joto la mvuke huchukua muda kufika kiini cha mviringo mnene, na ukwaju umeshakaza jani. Kukaanga baadaye hakusaidii, kwa sababu mafuta huivisha uso wa kipande na kuacha kiini kilivyokuwa.

Marekebisho yake ni kutumia majani matatu kwa mviringo badala ya matano au sita, kuchonga mshipa wa mgongoni hadi ulingane na ubapa wa jani, na kupika kwa mvuke mkali kwa saa nzima, huku maji ya chini yakiongezwa yakiwa tayari yamechemka. Kipande cha kuonja kikatwe katikati kabisa ya mviringo, kamwe kisikatwe mwishoni. Ikumbukwe pia kwamba hapa hakuna maji yanayomwagwa, kwa hiyo oksaleti inayoyeyuka imebaki yote ndani ya chakula.

Namna ya kupika ambayo hupunguza makosa

Kwa majani kumi na mawili, chemsha lita tatu za maji kwanza. Osha majani, ondoa vikonyo na mishipa minene, yaviringishe na uyakate vipande vyembamba kama sukuma wiki. Yatie katika maji yanayotokota, yazamishe kwa mwiko, na uanze kuhesabu yanapochemka tena. Baada ya dakika kumi na tano mwaga maji yote, ambayo yatakuwa ya kijani iliyokolea, na utie mengine ya moto. Yasiwe baridi, kwa kuwa maji baridi huirudisha sufuria nyuma. Endelea kwa dakika arobaini na tano nyingine bila kufunika kabisa, ukigeuza mara kwa mara, na kama unatumia makaa yaongeze mapema kabla hayajafifia.

Dalili za jicho ni hizi: kijani kibichi kimekwisha, rangi imekuwa ya zeituni, na jani likibanwa kwa mwiko ukutani mwa sufuria husagika bila kuacha uzi. Hata hivyo ulimi ndio unaoamua. Chukua kipande chenye mshipa, kipoze, kitafune kwa meno ya mbele, kiteme, kisha ungoje dakika kumi bila kula kitu kingine wala kunywa. Mchomo wowote, hata mdogo, maana yake ni dakika kumi na tano zaidi. Anayeonja awe mtu mzima, na mtoto asiwe mwonjaji kwa hali yoyote.

Kwenye sufuria ya presha, baada ya kumwaga maji ya kwanza, dakika ishirini hadi ishirini na tano tangu mluzi wa mvuke uanze hutosha kwa kawaida, kwa sababu joto lake hupita lile la maji ya kawaida. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuonja katikati, basi fungua, onja, na ufunge tena ikibidi.

Baada ya hapo ndipo upishi wa kawaida wa Pwani uanze. Kaanga kitunguu na nyanya kwenye sufuria ya pembeni, tia majani yaliyochujwa, tui jepesi, kisha kasimile mwishoni kwa moto mdogo. Tui si dawa ya mwasho. Mafuta yake huupaka ulimi na kuufanya usihisi mara moja, na ndiyo sababu mboga iliyoonjwa baada ya kutiwa tui humdanganya mpishi. Mwasho huja akiwa ameshameza.

Chakula kikiwa tayari mezani

Mboga iliyogunduliwa kwamba inawasha ikiwa imeshatiwa tui inaweza kuokolewa, ila tui lenyewe halitaokoka. Ongeza maji ya moto hadi yafunike, rudisha jikoni na uchemshe kwa nusu saa hadi dakika arobaini. Tui litakatika na kuelea kama mafuta. Chuja, onja kama ilivyoelezwa juu, kisha ukune nazi nyingine. Kuchanganya na mchicha au kuongeza kasimile ili kuficha mwasho ni kuongeza tu idadi ya watakaokereketwa. Kama mwasho haujaisha baada ya kuchemshwa tena, rudi kwenye ule mjadala wa jani lisilo la kula, na umwage.

Aliyekwisha kuwashwa ateme kilichobaki, asukutue kwa maji baridi mara kadhaa, kisha anywe maziwa baridi au mtindi polepole, au amumunye kipande cha barafu. Asijilazimishe kutapika, kwa sababu vile vile vilivyomdunga wakati wa kushuka vitapita tena kooni. Katika hali nyingi mchomo hupungua kwa saa moja au mbili. Lakini ulimi ukivimba, mate yakimtoka mtu kwa kushindwa kumeza, sauti ikibadilika au pumzi ikiwa nzito, huo si mwasho wa kungojewa nyumbani. Mtoto mdogo asiyeweza kueleza, ambaye anakataa kumeza na kulia huku akishika mdomo, naye apelekwe hospitali haraka.

Mikono inayowasha kabla hata ya kupika

Mikono kuwasha wakati wa kumenya na kukata ni jambo la kawaida na halibashiri kama mboga itawasha ikiiva. Utomvu ndio unaobeba sindano hadi kwenye ngozi, kwa hiyo majani yaliyooshwa yaachwe yachuruzike kwanza, na mikono ipakwe mafuta ya nazi au ivalishwe glavu. Ukishamaliza, osha kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Jicho likiingiwa na utomvu lioshwe kwa maji mengi safi, na lisipotulia lionwe na daktari.

Mwenye mawe ya figo

Kwa mtu aliyewahi kupata mawe ya figo ya aina ya oksaleti, mboga isiyowasha si lazima iwe mboga iliyo salama, kwa kuwa mwasho na oksaleti inayoyeyuka ni vitu viwili tofauti. Mtu huyo amuulize daktari wake kama anaweza kula majani haya. Akiruhusiwa, ale kiasi kidogo kilichochemshwa na kumwagwa maji mara mbili, pamoja na maziwa au mtindi katika mlo ule ule, maana kalsiamu ya maziwa hushikamana na oksaleti tumboni na kuizuia isiingie damuni. Patra, na mboga iliyopikwa ikakaushiwa maji yake mwenyewe, amwachie mwingine.